Swali la neno moja

Mwaka wangu wa kichungaji niliufanyia Rungwa, katika mkoa wa Singida. Asiyepafahamu apate picha hii: ukitoka Itigi, barabara inashika kusini kupita porini kwa saa nyingi, miombo upande huu na miombo upande ule, hadi inapofika Rungwa na kugawanyika. Mkono mmoja unakwenda Makongolosi, Chunya na Mbeya. Mwingine unakwenda Ipole na kuishia Tabora. Jirani yetu mkubwa alikuwa Pori la Akiba la Rungwa. Duka la vifaa vya ujenzi lenye bei ya kueleweka lilikuwa Itigi, na Baba Paroko alikuwa na vigango vingi kuliko siku za juma.

Nilikuwa na simu ya kitochi. Mtandao ulishika vizuri mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilichokuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka nyumba niliyolala. Nilipotaka kumwuliza Paroko jambo, nilitembea hadi pale, nikaandika, nikatuma, nikakaa kusubiri. Yeye naye, popote alipokuwa, alikuwa kwenye kikao, kwenye pikipiki, au katikati ya ndoa ya watu. Kwa hiyo nilijifunza mapema kuuliza maswali ambayo yangejibiwa kwa neno moja. Nilidhani nimejifunza vizuri, mpaka lilipokuja suala la bati.

Kigango kilikuwa kimejenga kikanisa cha tofali mbichi. Akina mama walisomba maji, vijana walifyatua tofali, na kuta zilikuwa zimefika juu. Kenchi zilikuwa tayari. Ilibaki bati, na michango ilikuwa imekamilika. Paroko alikuwa ameagiza tununue bati za geji 28. Mwenyekiti wa kigango alisafiri hadi Itigi kuzinunua, na jioni akanipigia: geji 28 zimekwisha dukani, ila geji 30 zipo. Geji 30 ni nyembamba kidogo kuliko geji 28, na bei yake ni nafuu. Lori lililokubali kutubebea mzigo lingeondoka kesho yake alfajiri, na mawingu ya Novemba yalikuwa yamekwisha kuanza kukusanyika.

Nikapanda kichuguu. Niliandika ujumbe mrefu. Nilimsalimu Paroko, nikamwuliza habari za safari, nikamweleza Mwenyekiti alivyofika Itigi na alivyozunguka, nikaeleza habari ya lori na dereva wake. Mwisho, kwa heshima niliyofundishwa nyumbani, nikauliza: "Sasa Padre, huna pingamizi tukinunua za geji 30?"

Baada ya saa mbili hivi jibu likaja. Neno moja: "Hapana."

Nikampigia Mwenyekiti nikamwambia Padre amekataa, tusubiri geji 28. Mwenyekiti alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya Fratera, nyie ndio mnaojua." Lori likaondoka na mzigo wa mtu mwingine. Siku nne baadaye mvua ikaanza. Tulifunika kuta kwa maturubai na majani, lakini tofali mbichi hazina subira na maji. Ukuta wa magharibi ulilainika kuanzia juu, na usiku mmoja sehemu yake ikaanguka.

Paroko alipofika aliutazama ule ukuta, kisha akaniuliza kwa nini hatukununua bati aliporuhusu. Nikamwonyesha ujumbe wake. Akausoma, akasoma na wangu. "Uliniuliza kama nina pingamizi," akasema. "Nikakujibu hapana, sina. Wewe ulisoma nini?"

Hapo ndipo nilipouona mtego niliouweka mwenyewe. Katika Kiswahili, swali la kukanusha halijibiki kwa neno moja. Mtu akikuuliza, "Hujala?" nawe hujala, unaweza kujibu "Ndiyo," kwa maana ya ndiyo, ni kweli, sijala. Unaweza pia kujibu "Hapana," kwa maana ya hapana, sijala. Wote wawili wamesema kitu kimoja kwa maneno yanayopingana. Nyumbani halileti shida, maana sauti na uso vinamalizia, au mtu anaongeza neno la pili: "Ndiyo, bado." Kwenye ujumbe wa simu hakuna uso. Mimi niliuliza "huna pingamizi?" kwa sababu ndiyo lugha yetu ya adabu, kijana hamwambii mkubwa "nataka," humwuliza kama haoni vibaya. Adabu ile ile ndiyo iliyolipindua jibu.

Paroko hakunifokea. Tulikaa kwenye benchi la fundi, akachukua kalamu ya seremala na kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, akasema tuuandike upya ule ujumbe kana kwamba ni jioni ile ile. Tulifuta na kuandika mara tatu au nne. Ulimalizikia hivi:

"TYK Padre. Itigi bati geji 28 hakuna. Geji 30 zipo 60, fedha zatosha. Lori laondoka kesho saa 12 asubuhi. Naomba tununue geji 30. Jibu: NUNUA au SUBIRI."

TYK, kama wengi mnavyojua, ni kifupi cha Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wote unaingia ndani ya herufi 160, yaani ujumbe mmoja wa simu, ambao mtu anaweza kuusoma wote kwa kuinamisha macho mara moja chini ya meza ya kikao. Ila ufupi wake si jambo kubwa la kujifunza hapo. Nitaeleza yale aliyonionyesha, kwa mpangilio aliouweka yeye.

La kwanza ni kwamba ujumbe unabeba tu yale yaliyobadilika tangu alipotoa agizo. Yeye alijua kuna kikanisa, alijua kuna Mwenyekiti, alijua fedha zimechangwa. Hakujua mambo matatu: geji 28 hazipo, fedha zinatosha kwa zile zilizopo, na muda unaisha alfajiri. Habari za Mwenyekiti kuzunguka zilikuwa za kweli, lakini hazikumsaidia kuamua. Zilimlazimisha azichambue huku mtu mwingine anazungumza mbele yake.

La pili ni ombi lenyewe. Katika ujumbe wangu wa kwanza nilimpa shida yangu na kumwachia aitafutie njia. Katika ule wa pili, mwulizaji amekwisha kuitafuta njia na kuisema kwa sentensi ya kukubali: naomba tununue. Mkubwa anabaki na kazi moja, kukubali au kukataa. Si utovu wa adabu kumpelekea mkubwa pendekezo. Utovu wa adabu ni kumpelekea mzigo ambao ungeweza kuufungua wewe.

La tatu ni maneno ya jibu. Hakuna "ndiyo" wala "hapana" katika ujumbe ule. Kuna NUNUA na SUBIRI, maneno yanayotaja tendo lenyewe. Hata kama ningeuliza vibaya, hata kama angesoma nusu tu ya ujumbe, jibu la "NUNUA" halina sura ya pili. Tangu siku ile kila swali nililotuma nililimaliza kwa vitenzi viwili, na sikuwahi tena kusoma jibu kinyume. Nilijifunza pia kurudisha neno: "Nimepokea, tunanunua." Ni ujumbe mfupi sana, lakini kama siku ile ningemrudishia "Nimepokea, tunasubiri," angeshtuka palepale, na lori lisingeondoka bila mzigo wetu.

Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. "Ningekujibu hivi: fundi anasemaje? Ungenijibu nini?" Sikuwa na la kusema, kwa sababu sikumwuliza fundi. Kumbe bati nyembamba zinataka papi zikaribiane zaidi, la sivyo zinabonyea mtu anapopanda na zinapigapiga kwenye upepo. Na papi za ziada ni mbao za ziada, na mbao ni fedha. Kabla ya kusema "fedha zatosha" nilipaswa kuhesabu na hizo. Fundi alikuwa amelala nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kumwuliza kungenichukua robo saa.

Nadhani hili ndilo watu wengi hawalioni katika swali la neno moja. Tunaona ni njia ya kuokoa muda, na ni kweli unaokolewa muda, lakini wa anayejibu. Anayeuliza anatumia zaidi. Inabidi alipigie duka, amwamshe fundi, ahesabu, aamue mwenyewe kwanza, halafu ndipo aombe. Kipimo chake ni rahisi: jiulize ni swali gani moja mkubwa atakalokurudishia. Kama unalijua, lijibu kabla hujatuma. Kama jibu lake hulijui, swali lako bado bichi.

Tulizungumza pia habari ya ukimya. Je, asingejibu kabisa usiku ule, ningefanya nini? Wapo wanaoandika, "Usiponijibu hadi saa tatu, nitanunua." Kwa mambo madogo yaliyo ndani ya kazi uliyokabidhiwa, inafaa, na humpumzisha mkubwa. Lakini fedha za waamini hazikuwa zangu, na bati zikishapakiwa kwenye lori hazirudi dukani kwa urahisi. Sheria ya Kanisa ina mwelekeo unaofanana. Kanuni ya 57 inaipa mamlaka miezi mitatu kujibu ombi halali linalohitaji hati ya uamuzi. Muda huo ukipita kimya, jibu huhesabiwa kuwa ni la kukataa, ili mwombaji aweze kukata rufani. Ukimya hausomwi kuwa ruhusa. Nami nikajiwekea utaratibu: asipojibu, nafanya lile linaloweza kurekebishwa kesho, na ninaandika hivyo ndani ya ujumbe ili alijue.

Niliporudi seminarini, darasa la sheria za Kanisa lilinikumbusha lile benchi la fundi. Kwa muda mrefu Roma imepokea maswali yaitwayo dubia, yaani mashaka, yanayoandikwa makusudi ili yajibiwe kwa neno moja la kukubali au la kukataa. Swali huandikwa kwa uangalifu kuliko jibu. Pale mtu alipounganisha mambo mawili katika swali moja, majibu ya zamani hayakufunika kombe. Yaliandika: kwa sehemu ya kwanza ndiyo, kwa sehemu ya pili hapana. Kilatini chenyewe kina vijineno tofauti vya kuulizia, kimoja kisichoelekea popote, kimoja kinachotarajia ndiyo na kimoja kinachotarajia hapana, hivyo msomaji anajua mwulizaji anaegemea wapi. Sisi tuna "Je" moja, na mengine yote tunayaachia sauti.

Mfano ulionigusa ni wa mwaka 2020. Idara ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani iliulizwa maswali mawili. La kwanza: je, ubatizo uliotolewa kwa kusema "Tunakubatiza" badala ya "Nakubatiza" ni halali? Jibu: hapana. La pili: je, waliobatizwa hivyo wanapaswa kubatizwa upya bila sharti lolote? Jibu: ndiyo. Majibu hayo yametiwa tarehe 24 Juni 2020 na yalitangazwa tarehe 6 Agosti. Mwezi huo huo, padre mmoja wa Jimbo Kuu la Detroiti kule Marekani, aliyekuwa ameona video ya ubatizo wake wa utotoni na kusikia lile neno la wingi, ikabidi abatizwe, apewe kipaimara na kupewa upya daraja takatifu. Angalieni maswali yalivyopangwa. Lingeulizwa la kwanza peke yake, maaskofu wangebaki wanajiuliza wawafanyie nini watu waliokwisha kubatizwa hivyo. Aliyeuliza aliona mbele kwamba jibu la hapana lingezaa swali jingine, akalitanguliza. Ni lile lile la "fundi anasemaje?"

Lakini si kila swali la ndiyo au hapana ni zuri, na Injili inatuonya. Waliomwendea Yesu kumwuliza kama ni halali kulipa kodi kwa Kaisari walilipanga swali lao vizuri sana kwa sura ya nje: fupi, wazi, la neno moja. Ila akisema ndiyo, anaonekana msaliti mbele ya watu wake. Akisema hapana, anashtakiwa kwa Warumi. Hakulijibu kwa neno moja. Aliomba aonyeshwe sarafu. Kwa hiyo kabla ya kutuma ninasoma majibu yote mawili na kujiuliza kama mkubwa anaweza kutoa lolote kati yake bila kuumia wala kuaibika. "Padre, waamini wote wanataka hivi, wewe unakataa?" ni mtego wa aina hiyo hiyo, hata kama anayeuliza hana nia mbaya. Na lipo swali ambalo halikubali kabisa kukatwa vipande viwili. Nilipokuwa na mashaka juu ya wito wangu mwenyewe, niliandika ujumbe kwa Paroko wenye vitenzi viwili mwishoni, ENDELEA au ACHA. Sikuutuma. Nilimwomba tu nafasi ya kuonana naye, na tulizungumza jioni nzima.

Nimalizie na usiku mmoja wa mwezi Machi. Katekista aliniamsha. Upande wa pili wa kijiji mama mmoja alikuwa amejifungua mtoto kabla ya wakati, na mtoto hakuwa akipumua vizuri. Familia ilikuwa imetuma watu kutafuta usafiri, na ilikuwa inaomba mtoto abatizwe. Nikavaa viatu, nikachukua kitochi, na miguu yangu ikaelekea yenyewe kwenye kichuguu. Kichwani nilikuwa nimekwisha kupanga ujumbe: BATIZA au SUBIRI.

Katekista alinishika mkono. Ni mzee, amebatiza watoto porini kabla mimi sijazaliwa. "Fratera, unakwenda kuuliza nini?" akasema. "Hilo lilikwisha kujibiwa."

Alikuwa sahihi, nami nililisoma darasani. Kanuni ya 861 inasema wazi kwamba katika hali ya dharura mtu yeyote mwenye nia inayotakiwa anaweza kubatiza kihalali. Kwenda na kurudi kichuguuni ni dakika arobaini, bila kuhesabu muda wa kusubiri jibu. Swali langu lilikuwa fupi, wazi, la kukubali, lenye vitenzi viwili, na lingekuwa kosa kubwa kuliko lile la bati. Tulikwenda moja kwa moja kwenye ile nyumba. Mama yake mzazi yule binti alileta maji kwenye bakuli. Nilimbatiza mtoto. Alifariki kabla hakujapambazuka.

Kulipokucha nilipanda kichuguu na kuandika:

"TYK Padre. Mtoto mchanga wa hapa amebatizwa usiku kwa dharura, amefariki alfajiri. Maziko leo saa 10 jioni. Naomba niongoze sala. Jibu: ONGOZA au NISUBIRI."

Sikukaa sana. Nilikuwa bado nimesimama simu ilipotikisika mkononi. Ilikuwa neno moja: "ONGOZA." Nikarudisha: "Nimepokea, naongoza." Kisha nikashuka kwenda kuwasaidia vijana waliokuwa wanachimba.